Somo: Tumbawe juu ya maji, mto chini ya maji. Tuisome pwani ya Mombasa

Nilipovuka Holili na wanafunzi wa kidato cha sita kutoka hapa Moshi kwenda Mombasa, mmoja alisimama chini ya Fort Jesus, akapapasa mwamba uliobeba ngome, akasema: "Mwalimu, matumbawe huishi majini, na haya yako juu, kwa hiyo nchi imepanda. Lakini hori la Tudor ni bonde la mto lililoingiwa na bahari, kwa hiyo nchi imeshuka. Tuandike lipi?"

Kosa liko kwenye "kwa hiyo". Tuta la pwani, kama mwamba huo wa ngome, halisemi kwamba nchi imepanda, wala bonde lililozama halisemi kwamba imeshuka. Kila moja linaonyesha tofauti tu kati ya bahari ya zamani na nchi ya leo, na vyote viwili husogea. Kazi yetu ni kuzitenganisha hizo hesabu mbili.

Hatua ya 1: Tafuta kona ya ndani

Tuta ni sakafu ya zamani ya mawimbi au ya mwamba wa matumbawe, yenye genge nyuma yake. Usipime ukingo wa mbele, kwa sababu sakafu huinama kuelekea baharini na ukingo huliwa kila mwaka. Pima pale sakafu inapokutana na genge la nyuma, maana ndipo maji yalipofika. Mara nyingi kona hiyo imefunikwa na udongo ulioporomoka kutoka juu. Usipouchimba ukafika kwenye mwamba, kimo chako kitazidi.

Hatua ya 2: Pima kimo kutoka wastani wa bahari

Hapa nimewahi kuumbuka. Tulianzia ukingoni mwa maji kwa leveli na stafu, asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa kabisa. Kundi la pili lilipima tuta lile lile mchana maji yakiwa yamejaa. Majibu yalipishana karibu mita 3, na wote walipima vizuri. Andika saa, kisha rekebisha kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, au anzia kwenye alama ya kudumu ya wapimaji.

GPS pia ina mtego. Kimo ghafi cha setilaiti hakihesabiwi kutoka usawa wa bahari bali kutoka umbo la kihesabu la dunia, na kwenye pwani yetu hivyo viwili vimeachana kwa zaidi ya mita 20. Ukisimama ufukweni ukaona kifaa kinakuambia uko chini ya sifuri, ujue ndiyo sababu.

Hatua ya 3: Pata umri

Kwa matumbawe, maabara hupima urani na thori. Njia hii hufika takriban miaka 500,000, wakati radiokaboni huishia karibu 50,000. Sharti ni kwamba tumbawe liwe bado na madini yake ya asili, aragoniti. Mvua ikipenya kwa maelfu ya miaka huigeuza kuwa kalisaiti, urani huingia na kutoka, na umri unakuwa wa uongo. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Sampuli hupimwa kwa eksirei kwanza. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasibebe kipande cheupe kinachong'aa kama sukari.

Hatua ya 4: Ondoa bahari, ibaki nchi

```
U = (E - S) / T
```

E ni kimo cha tuta leo, S ni kimo cha bahari enzi zile, T ni umri. Ukiweka mita na maelfu ya miaka, jibu linatoka kwa milimita kwa mwaka.

Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ilikuwa pungufu, na bahari ilikuwa mita 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo. Tuta la umri huo kisiwani Barbados lipo takriban mita 60 mahali lilipoinuka zaidi. Ukitumia 6: (60 − 6) / 125 = 0.43. Ukitumia 9: 0.41. Hakuna cha kugombana, kisiwa kinapanda.

Sasa chukua tuta la umri huo huo lenye kona kwenye mita 7, mfano wangu wa kufundishia tu. Kwa 6 unapata 0.008, nchi inapanda. Kwa 9 unapata −0.016, nchi inashuka. Kipimo hakijabadilika, ila alama imegeuka. Kwa tuta fupi namna hiyo jibu la kweli ni "nchi imetulia, kwa kadiri tunavyoweza kupima". Pwani yenye mwamba wa zamani ulioinuka mita chache tu juu ya maji inaweza kuelezwa na bahari peke yake.

Hatua ya 5: Rudi kwenye hori

Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Mito ilichimba mabonde kufuata bahari iliyokimbia, ikikata hata mwamba wa matumbawe wa zamani. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyajaza. Ndivyo Tudor na Kilindini zilivyopatikana, na bandari ya Dar es Salaam vilevile. Kwa hiyo mwamba wa ngome ni wa bahari ya juu, hori ni la bahari ya chini iliyopanda tena, na nchi katikati yao haikulazimika kusogea.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kiboriloni:* Shikamoo mwalimu. Je, pwani inayopanda inaweza kuwa na bonde lililozama?

Marahaba. Inaweza. Chukua kasi ya 0.43: kwa miaka 20,000 nchi inapanda mita 8.6. Bahari imepanda 120. Bonde linazama huku nchi ikipanda! Swali hili likija kwenye mtihani, wengi huanguka.

*Mwanachama, Himo:* Tukipima kina cha hori kwa kamba na risasi, si tutajua bahari ilishuka kiasi gani?

Hapana. Risasi inatua kwenye tope, na chini ya tope kuna mchanga na udongo uliorundikana tangu bahari irudi. Sakafu ya mto ipo chini ya vyote hivyo, inabidi kutoboa. Ukitoboa, tafuta mboji ya mikoko. Mikoko huota kati ya maji kujaa na kupwa, basi mboji yake hukuonyesha bahari ilikuwa wapi, na radiokaboni inakupa lini. Ila tope laini hushindiliwa, na mboji hushuka nalo. Ya kuaminika zaidi ni ile iliyokaa juu ya mwamba moja kwa moja.

*Mwanachama, Mto wa Mbu:* Juu ya Ziwa Manyara kuna fukwe za zamani zenye mawe meupe ya duara. Bahari ilifika huku?

Haikufika. Manyara liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari na halina mto wa kutoka. Mvua ikizidi linapanda, ukame ukija linashuka. Mawe hayo hujengwa na vijidudu vya majini kwenye kina kifupi, tabaka juu ya tabaka, na huonyesha ziwa lilifika wapi. Hatua ya 1 hadi ya 3 unaweza kuzitumia, ila S yako itakuwa ya ziwa, si ya bahari, na usiichukue Mombasa ukaipachika huko.