Magamba ya fedha yaliyogandisha nywele: namna ya kuyabandua bila kung'oa nywele

Mwezi uliopita hapa Arua, Uganda, jirani aliniletea binti yake wa miaka 11. Utosini alikuwa na baka pana kama kiganja cha mtoto: magamba mazito ya rangi ya fedha yamepanda juu ya nywele na kuzishika mafungumafungu, mithili ya gundi iliyokauka. "Sista, nimekwangua kwa kitana mpaka damu," mama akasema. Kitana kilikuwa kimeondoka na nywele.

Hali hii huitwa pitiriasisi amiantasea. Jina lina asili ya amianto, yaani asbesto, kwa kuwa daktari Mfaransa Alibert, aliyeieleza mwaka 1832, aliona magamba yanafanana na nyuzi za asbesto. Si ugonjwa unaojitegemea. Ni namna ngozi ya kichwa inavyojibu ugonjwa mwingine, mara nyingi soriasisi au mba mkali, wakati mwingine pumu ya ngozi. Yenyewe haiambukizi.

1. Hakikisha si mapunye

Mapunye nayo yanaweza kuleta magamba kama haya, na watoto wetu wanayo kwa wingi. Tazama kwa mwanga wa jua: nywele zilizokatika karibu na ngozi, vidoti vyeusi, tezi zilizovimba nyuma ya shingo, au mdogo wake mwenye mabaka. Ukiona kimojawapo, peleka magamba na vishina vya nywele maabara vikaangaliwe kwa hadubini. Mapunye hutaka dawa ya kumeza, na krimu ya steroidi ikipakwa juu yake fangasi hustawi kimyakimya. Kwa binti huyu maabara haikuona fangasi. Ila nyuma ya masikio na kwenye viwiko alikuwa na mabaka makavu yenye magamba, kwa hiyo nilishuku soriasisi.

2. Punguza nywele kwa mkasi

Acha urefu wa sentimita mbili hivi. Wembe usiguse.

3. Lainisha (hapa ndipo nilipopotea)

Mgonjwa wangu wa kwanza, miaka iliyopita, nilimpaka mafuta, nikangoja nusu saa, nikaanza kubandua. Saa tatu za machozi, na nywele nyingi mkononi. Kosa lilikuwa haraka. Gamba limezunguka unywele kama ala, na likiwa kavu ukilivuta unavuta vyote viwili.

Sasa napaka jioni. Natenganisha nywele kwa mistari, nachukua mafuta vuguvugu kwa ncha ya kidole na kuyasukuma hadi kwenye ngozi, kwa sababu mafuta yanayobaki juu ya gamba hayasaidii kitu. Kisha nafunika kwa kitambaa cha pamba hadi asubuhi. Napendelea mafuta ya nazi au ya zeituni. Siagi ya shea, ambayo huku kwetu imejaa sokoni, mimi siitumii kazi hii. Parafini ya maji ya duka la dawa ni nzuri, lakini angalia sana: ukisema "parafini" tu dukani Uganda utapewa mafuta ya taa, na hayo yanaunguza ngozi. Kitambaa chenye mafuta nacho hushika moto upesi, hivyo mtoto asikae karibu na sigiri.

Gamba likiwa nene mno, mafuta yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2 hadi 3 hufanya kazi vizuri zaidi. Sharti ngozi isiwe na vidonda, eneo lisiwe kichwa kizima kwa mtoto, na asiwe mchanga, kwa kuwa dawa hii hupenya mwilini. Binti huyu alikuwa na michubuko ya kitana, kwa hiyo siku nne za kwanza tulitumia mafuta ya nazi matupu.

Utajuaje gamba liko tayari? Lisukume kwa kidole: likiteleza kuelekea ncha ya unywele, limeiva. Likigoma, rudia usiku mwingine. Kwake ilichukua usiku sita.

4. Osha na uteleze

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, iache dakika tano, suuza, mara mbili kwa wiki. Nywele zikiwa bado na povu, telezesha magamba kwa vidole kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Kitana cha chawa kiweke mbali kabisa.

5. Tibu chanzo

Magamba yakitoka bila chanzo kutibiwa, yatarudi. Daktari alimwandikia losheni ya betamethasoni, ambayo ni steroidi, mara moja kwa siku kwa wiki mbili, ipakwe kwenye ngozi iliyokwisha kuwa wazi. Usaha, harufu au homa huenda ni dalili ya bakteria, na hapo antibiotiki huhitajika kwanza.

Nywele zilizotoka kwa kawaida huota tena. Baka likibaki laini, linang'aa, bila vitundu vya nywele, usiendelee na mafuta nyumbani. Nenda kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago au ya Mbarara, maana hilo huenda ni kovu.