Kutunga swali la jiografia linalolazimisha kusoma jedwali la mvua na ramani (Kidato cha 1 na 2)

Kipimo cha swali la aina hii ni kimoja: funika jedwali. Kama mwanafunzi bado anaweza kujibu, umepima kumbukumbu. "Taja miezi ya masika" hujibiwa bila kutazama chochote.

1. Andaa jedwali. Tumia kituo kisicho na jina na tarakimu za kubuni, ila zifuate tabia ya mahali halisi. Hizi zinafanana na Tanzania ya kati, yenye msimu mmoja wa mvua.

Kituo A (mm):
Jan 130, Feb 110, Mac 120, Apr 50, Mei 5, Jun 0, Jul 0, Ago 0, Sep 0, Okt 5, Nov 30, Des 120

Jumla ni mm 570. Usiiandike; itakuwa swali.

2. Chora ramani. Safu ya milima ielekee kaskazini hadi kusini, A ikae magharibi yake na B mashariki, sentimita 6 kutoka A. Weka ufunguo, mshale wa kaskazini, na mshale wa upepo unaotoka kaskazini-mashariki. Ukisahau mshale wa upepo, swali la mwisho halijibiki.

Kipimio kiwe cha mstari: sentimita 1 kwa kilomita 5. Ukiandika 1:500 000 peke yake, halafu mashine ya kurudufu ikapunguza karatasi hadi asilimia 90, umbali unakuwa sentimita 5.4, na mwanafunzi aliyepima vizuri anapata km 27 badala ya 30. Mstari hupungua pamoja na ramani. Rangi nazo ziache, kwenye kopi zote huwa kijivu. Milima ichore kwa vistari.

3. Andika maswali, kuanzia kusoma hadi kueleza.

(a) Ni mwezi upi ulipata mvua nyingi zaidi? (alama 1)
(b) Kokotoa jumla ya mvua ya mwaka katika kituo A. (2)
(c) Ukiwa A, kituo B kiko upande gani, na umbali wa kilomita ngapi kwa mstari mnyoofu? (2)
(d) Kituo B hupata mm 1,420 kwa mwaka. Kwa kutumia ramani, eleza kwa nini kinaizidi A. (3)

Usiulize mwezi wenye mvua kidogo kabisa, maana minne ina sifuri. Wala mwezi wa pili kwa wingi, kwa sababu Machi na Desemba zinalingana. Katika (c), maneno "ukiwa A" ni ya lazima. Bila hayo wengi husimama B na kujibu "magharibi".

4. Jibu mwenyewe kwenye kopi, si kwenye karatasi ya asili, ukiwa na rula. Katika (b) toa alama 1 kwa njia hata hesabu ikikosewa. Katika (d) gawa hivi: upepo unatoka upande wa B (1), hewa hupanda mlima, hupoa na kunyesha upande huo (1), A iko kwenye kivuli cha mvua (1). Anayeandika tu "B ina misitu mingi" hapati kitu, kwani ramani haina msitu.