Je, mfuatano una maana? Pemutesheni na kombinesheni kwa kuorodhesha mifano midogo

Majibu mengi mabaya ninayoyakuta kwenye karatasi za mazoezi ya pemutesheni na kombinesheni yamekokotolewa vizuri kabisa. Faktoria zimekatwa sawasawa, kuzidisha hakuna tatizo, ila kanuni iliyotumika si ya swali lile. Mtu ameona neno “chagua” akakimbilia kombinesheni, au ameona “panga” akakimbilia pemutesheni. Maneno hayo hayatoshi kuamua. Kinachoamua ni kitu kimoja: ukibadilisha nafasi za vitu viwili ulivyovichagua, je, umepata tokeo jipya au ni lilelile?

Kanuni zenyewe mnazijua. Tukichukua vitu r kutoka vitu n bila kurudia:

```
P(n, r) = n! / (n - r)!
C(n, r) = n! / (r! × (n - r)!)
```

Ya kwanza inahesabu pale mfuatano unapokuwa na maana, ya pili pale usipokuwa na maana. Tofauti yao ni ile r! tu, kwa sababu kila kundi la vitu r linaweza kupangwa kwa njia r! na kombinesheni inazihesabu zote kuwa kitu kimoja. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Nimechagua swali moja ambalo haliingii moja kwa moja kwenye kanuni yoyote kati ya hizo mbili, kwa makusudi:

Watu 9 wanataka kuunda kamati ya watu 3. Mmoja atakuwa mwenyekiti na wawili waliobaki watakuwa wajumbe wa kawaida. Kamati hiyo inaweza kuundwa kwa njia ngapi?

Hatua ya 1: Andika tokeo moja kamili. Kabla ya kanuni yoyote, andika jibu moja linalokubalika, kwa herufi. Mimi naandika A-BC, maana yake A ni mwenyekiti, B na C ni wajumbe. Ukishindwa kuandika hata tokeo moja, rudi usome swali, maana bado hujajua unahesabu nini.

Hatua ya 2: Badilisha nafasi, jozi moja baada ya nyingine. Nikibadilishana B na C napata A-CB. Mwenyekiti ni yuleyule, wajumbe ni walewale, kwa hiyo kamati haijabadilika. Nikibadilishana A na B napata B-AC. Hapo mwenyekiti ni mwingine, kamati ni nyingine. Kwa hiyo mfuatano una maana kati ya kiti na wajumbe, lakini hauna maana kati ya wajumbe wenyewe. Wengi hujaribu jozi moja tu kisha wanaamua, na kwa swali hili uamuzi wao ungetegemea jozi gani waliianza.

Hatua ya 3: Punguza namba, usiguse muundo. Badala ya watu 9 nachukua 4: A, B, C na D. Kamati inabaki ya watu 3 na mwenyekiti anabaki mmoja. Kinachopungua ni idadi ya watu wa kuchaguliwa. Ukipunguza pia ukubwa wa kamati hadi mtu mmoja, kwa mfano, wajumbe wanatoweka na swali linakuwa jingine.

Hatua ya 4: Orodhesha kwa utaratibu. Hapa ndipo subira inahitajika. Naweka mwenyekiti kwanza, naenda kwa alfabeti, na wajumbe nawaandika kwa alfabeti siku zote ili nisije nikaandika BC mahali pamoja na CB mahali pengine:

```
A-BC   A-BD   A-CD
B-AC   B-AD   B-CD
C-AB   C-AD   C-BD
D-AB   D-AC   D-BC
```

Jumla ni 12. Angalieni umbo la orodha: kila mstari una kamati 3. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa hakuna mtu mwenye nafasi tofauti na wenzake katika swali hili. Mstari mmoja ukitoka na kamati 2 au 4, kuna kilichosahaulika au kilichojirudia, na unajua hasa pa kutafuta. Mtu anayeandika matokeo yanavyomjia kichwani hana ukaguzi huo.

Hatua ya 5: Linganisha orodha na kila kanuni unayoifikiria. Kwa watu 4, P(4, 3) = 24 na C(4, 3) = 4. Orodha inasema 12. Zote mbili zimekataa, lakini zimekataa kwa namna inayofundisha. Ile 24 ni mara mbili ya orodha, kwa sababu imehesabu A-BC na A-CB kuwa kamati mbili. Ile 4 ni theluthi ya orodha, kwa sababu imeona kundi ABC mara moja tu, wakati ndani yake kuna kamati tatu: A-BC, B-AC na C-AB.

Hesabu sahihi inasomeka kwenye orodha yenyewe. Mistari ni 4, mmoja kwa kila mwenyekiti, na kila mstari una C(3, 2) = 3. Basi 4 × 3 = 12.

Hatua ya 6: Rudi kwenye namba kubwa. Mwenyekiti anapatikana kwa njia 9. Wajumbe 2 wanatoka kwa watu 8 waliobaki: C(8, 2) = 28. Jibu ni 9 × 28 = 252.

Napenda kulikagua kwa njia ya pili. Chagua kwanza watu 3 bila vyeo, C(9, 3) = 84, halafu kati yao mchague mwenyekiti kwa njia 3: 84 × 3 = 252. Njia mbili tofauti zikikutana kwenye namba moja, na orodha ndogo imeshakubali muundo, unaweza kuendelea na swali linalofuata.

Mazoezi

Kwa kila swali andika tokeo moja, badilisha nafasi, kisha orodhesha mfano mdogo kabla ya kutumia kanuni.

(a) Watu 6 wanapeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake, mara moja. Mikono inapeanwa mara ngapi?
(b) Watu haohao 6 wanaandikiana barua, kila mmoja anamwandikia kila mwenzake barua moja. Barua ngapi?
(c) Herufi za neno MAMA zinaweza kupangwa kwa njia ngapi tofauti?

Majibu: (a) 15, (b) 30, (c) 6.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, (a) na (b) naona ni swali moja. Zote ni kuchagua watu 2 kutoka 6. Mbona majibu ni tofauti?

Jibu: Chukua watu 3 tu uorodheshe. Kupeana mikono: AB, AC, BC, basi. A akimpa B mkono, B naye ameshampa A. BA si tukio jipya. Barua: AB, AC, BA, BC, CA, CB. Barua ya A kwenda kwa B siyo ile ya B kwenda kwa A. Matokeo ni 3 na 6, na tofauti ni ile 2! tuliyoitaja mwanzoni.

Swali: Kwenye (c) nimepata 24, yaani 4!. Herufi ni nne na mfuatano una maana, kosa liko wapi?

Jibu: Ni kweli mfuatano una maana, ila vitu si vinne tofauti. Fanya Hatua ya 2 kwa herufi mbili zinazofanana: badilishana M ya kwanza na M ya pili, neno halijabadilika. Orodha kamili ni AAMM, AMAM, AMMA, MAAM, MAMA, MMAA. Kila neno kati ya hayo limehesabiwa mara 2! kwa sababu ya M, na mara 2! tena kwa sababu ya A, hivyo 24 ÷ 4 = 6.

Swali: Kuna swali limenisumbua: kutoka wanawake 3 na wanaume 2, chagua watu 2, angalau mmoja awe mwanamke. Nimemchagua mwanamke kwa njia 3, kisha yeyote kati ya 4 waliobaki, nikapata 12. Kitabu kinasema 9.

Jibu: Kwanza pima jibu lako kwa jumla yote. Watu ni 5, jozi zote bila sharti lolote ni C(5, 2) = 10. Jibu lenye sharti haliwezi kuzidi 10, kwa hiyo 12 imeshaanguka kabla hata ya kuorodhesha. Sasa waite wanawake P, Q, R na wanaume X, Y, uandike njia yako: PQ, PR, PX, PY, QP, QR, QX, QY, RP, RQ, RX, RY. PQ na QP ni jozi ileile. Hali kadhalika PR na RP, QR na RQ. Bila kukusudia, umempa mwanamke wa kwanza cheo ambacho swali halikumpa. Jozi 3 zimehesabiwa mara mbili, na 12 − 3 = 9. Njia fupi ni kutoa jozi zisizotakiwa: isiyo na mwanamke ni XY peke yake, hivyo 10 − 1 = 9.

Swali: Mimi nilikuwa nahesabu kuchagua vitu 2 kutoka aina 3, kurudia kunaruhusiwa, mfuatano hauna maana. Nimeorodhesha AA, AB, AC, BB, BC, CC, nikapata 6. P(3, 2) nayo ni 6. Basi ni pemutesheni?

Jibu: Hapana, na nashukuru umeuliza, kwa sababu hii ndiyo hatari kubwa ya mifano midogo. Namba zimekutana kwa bahati. Tazama vilivyomo ndani, siyo jumla tu: pemutesheni ingekuwa na BA na isingekuwa na AA, yako ni kinyume chake. Ongeza aina moja uone. Kwa aina 4 orodha yako inakuwa AA, AB, AC, AD, BB, BC, BD, CC, CD, DD, yaani 10, wakati P(4, 2) = 12. Kanuni inayofaa hapa ni C(n + r − 1, r): kwa aina 3 ni C(4, 2) = 6, kwa aina 4 ni C(5, 2) = 10. Kwa sababu hiyo mimi hukagua kwa mifano midogo miwili, na nachagua ile ambayo kanuni ninazozishuku zinatoa namba tofauti.

Swali: Kuwagawa watu 4 katika jozi mbili za kufanya kazi pamoja ni C(4, 2) = 6?

Jibu: Orodhesha: AB na CD, AC na BD, AD na BC. Ni 3. Ukichagua AB, jozi ya CD imejiunda yenyewe. Ukichagua CD, umerudi palepale. Lakini jozi hizo zikipewa kazi tofauti, mfano moja inapima na nyingine inaandika, kuzibadilishana kunaleta tokeo jipya, na hapo 6 inakuwa sahihi. Soma swali uone kama jozi zimepewa majina au kazi.