Kulainisha ukingo wenye meno kwenye picha iliyokatwa kisha ikakuzwa: Smooth, Contract na Feather za Photoshop

Kazi iliyonifundisha jambo hili ilikuwa bango la harusi la futi 4 kwa 3, hapa Ngamiani, Tanga. Picha ya bibi harusi ililetwa ikiwa imeshakatwa kwa simu, faili la PNG, kimo chake pikseli 600 tu. Bango lilikuwa la pikseli 72 kwa inchi, yaani 3456 kwa 2592, na bibi harusi alitakiwa asimame kwa kimo cha pikseli 2400. Nikamkuza mara 4. Mama yake alipokuja kuitazama kazi aliinama karibu na kioo cha kompyuta akaniuliza, "Mwanangu, mbona bega la binti limekuwa kama msumeno?"

Alisema kweli. Pikseli moja ya picha ya mwanzo ilikuwa imetanuka ikawa mraba wa pikseli 4 kwa 4, kwa hiyo bega lililopaswa kuteremka taratibu lilishuka kwa vidato, kila kidato kina kimo cha pikseli 4. Kwenye bango hilo pikseli moja ni kama milimita 0.35, hivyo kidato kimoja kingechapwa kwa karibu milimita 1.4. Mgeni anayesimama mbele ya bango apige picha angekiona.

Kabla hujagusa chochote, pima kidato chako. Kuza mwonekano mpaka pikseli zionekane, uhesabu. Namba zote utakazoandika hapa chini zinatokana na kipimo hicho, na ndiyo maana namba ulizozoea kwenye kazi nyingine hazitakufaa.

Hatua ya 1: Kuza kwanza, lainisha baadaye

Rudi kwenye leya ya asili, usikuze iliyokwisha kukuzwa. Bonyeza Ctrl+T, kisha tazama kisanduku cha `Interpolation` kwenye mstari wa juu. Kikiwa kwenye `Nearest Neighbor`, vidato vitatoka vikali kama tofali. Chagua `Bicubic Smoother`. Vidato vitabaki, ila pembe zake zitapungua ukali. Ukilainisha kabla ya kukuza, makosa yaliyobaki nayo yatakuzwa mara 4.

Hatua ya 2: Weka rangi ya kweli chini yake

Bango letu lilikuwa la kijani iliyokolea, nikaiweka rangi hiyo hiyo chini ya bibi harusi. Juu ya nyeupe, ukingo mbovu hujificha. Kisha bonyeza Ctrl+J mara tatu ili upate nakala tatu za kujaribia, uonyeshe moja moja, na utazame kwa asilimia 100 (Ctrl+1).

Hatua ya 3: Jaribu kila kimoja peke yake

Kwa kila nakala, shikilia Ctrl ubonyeze kijipicha cha leya ili umbo lake lichaguliwe. Kisha fungua moja kati ya hizi:

```
Select > Modify > Smooth
Select > Modify > Contract
Select > Modify > Feather
```

Halafu ligeuze eneo lililochaguliwa liwe maski:

```
Layer > Layer Mask > Reveal Selection
```

Nilianza na `Feather` ya 4, kwa sababu ndiyo wengi wetu hukimbilia. Bega likafifia upande wa ndani, lakini meno yalikuwa pale pale, sasa yakiwa hafifu kama kivuli. Hapa ndipo penye fundo lote. `Feather` hulainisha pande mbili za mstari, nusu ndani na nusu nje. Picha iliyokwisha kukatwa haina kitu nje ya mstari, pikseli zake ziko wazi. Basi ule ulaini wa nje hauna rangi ya kuonyesha. Picha inafifia mpaka karibu nusu, kisha inakatika ghafla kwenye mstari ule ule wenye meno.

`Smooth` ya 6 inafanya kazi tofauti. Kila pikseli hutazama majirani zake ndani ya nusu kipenyo ulichoandika. Wengi wakiwa ndani ya eneo, nayo huingizwa. Wengi wakiwa nje, hutolewa. Kwa hiyo ncha za vidato hukatwa na mabonde kati yake hujazwa. Ncha zilikatika vizuri. Mabonde yalijazwa kwenye maski tu, kwenye picha hapakuwa na rangi ya kuyajaza, na nusu ya meno ikabaki.

`Contract` ya 5 ilirudisha mstari ndani na kuondoa uzi mweupe wa ukuta wa nyumbani kwao uliokuwa umeng'ang'ania kwenye bega. Lakini iliuhamisha ukingo kama ulivyo, na vidato vyake.

Hatua ya 4: Ziunganishe kwa mpangilio huu

Chagua umbo upya kutoka kwenye leya isiyoguswa, kisha bila kuondoa uchaguzi ufuatanishe:

```
Smooth    6
Contract  5
Feather   1.5
```

`Smooth` inatangulia kunyoosha mstari, na kipimo chake kizidi kidato kidogo. `Contract` inausogeza mstari ulionyooka mpaka mahali penye picha ya kweli, kwa hiyo nayo izidi kidato: kwetu kidato ni 4, nikaandika 5. `Feather` inakuja mwisho, na sasa ina rangi pande zote mbili. Hiyo 1.5 inatosha; `Feather` hukubali desimali, wenzake wawili huchukua namba nzima tu. Ukipandisha mpaka 4, bega litaonekana kama lina ukungu kando ya uso usio na ukungu.

Tengeneza maski, rudi asilimia 100. Bega la bibi harusi likateremka mstari mmoja. Ukiona bado kuna mawimbi marefu, ongeza `Smooth` hadi 8. Ukiona meno madogo hafifu, ni `Contract` iliyopungua, usiongeze `Feather`.

Hatua ya 5: Rudisha vidole

Mpangilio huu una gharama, na gharama hiyo inaonekana kwenye vitu vyembamba. Kidole chenye upana wa pikseli 40 kikipunguzwa 5 kila upande kimebaki 30, yaani robo imeliwa. Mkono wa bibi harusi ulikuwa na hina mpaka kwenye kucha, na ncha za vidole zilikuwa zimegeuka butu huku kwenye nafasi nyembamba kati ya vidole viwili meno yakiwa yamebaki, kwa sababu `Smooth` iliijaza nafasi hiyo kwenye maski.

Bonyeza maski, chukua brashi laini ya pikseli 10 hivi, rangi nyeupe, na upake taratibu kwenye ncha za vidole mpaka hina irudi yote. Palipojazwa kati ya vidole, paka nyeusi juu ya meno yaliyobaki. Kwenye vidole vidato vichache vitarejea. Mimi huvikubali, kwa sababu mama atahesabu vidole kabla hajatazama ukingo. Pembe kali kama ncha ya kola zirudishe hivyo hivyo.

Nywele na shela inayopenyeza mwanga ziache nje ya mpangilio huu. Uwazi wa shela ulishapotea pale ilipokatwa kwa simu, na hakuna namba ya `Smooth` itakayourudisha. Nilimwomba mama picha nzima isiyokatwa, akaipata kwa mpiga picha siku ya pili. Nikaikuza kwanza, nikakata shela peke yake kutoka humo, nikailaza juu ya bega lililokwisha nyooshwa. Kisha nikachapa kipande cha bega na mkono kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa halisi, nikakibandika ukutani na kukitazama kwa umbali wa hatua mbili kabla ya kupeleka bango zima mashineni.