Basi, gari na juisi kwa Kihispania: chagua neno linalovuka mipaka

Ukiandika Kihispania kitakachosomwa nchi zaidi ya moja, neno la basi ndilo la kuchunga kwanza. Kyuba, Puerto Riko na Visiwa vya Kanari husema "guagua". Lipeleke Chile, na msomaji ataelewa mtoto mchanga. Meksiko basi la mjini ni "camión", neno ambalo Hispania ni lori, na Buenos Aires watu hupanda "colectivo". Andika "autobús" tu. Si neno la mtaani kila mahali, lakini linaeleweka kote.

Gari halina jibu safi hivyo. Hispania ni "coche", Kolombia na Venezuela "carro", Ajentina na Chile "auto". Ukiandika "carro" Hispania, wengi wataona mkokoteni. Mimi huandika "auto". Kwenye fomu au mkataba, "vehículo".

Juisi ni rahisi: "zumo" ni ya Hispania, "jugo" ya Amerika ya Kilatini, na Mhispania akisikia "jugo" anaelewa. Kwa hiyo "Tome el autobús" na "jugo de naranja" vinatosha. Ila usiandike "coger el autobús": Hispania ni kupanda basi, Meksiko na Ajentina ni tusi la chumbani.