Kuandaa leya, aina za mistari na vipimo katika AutoCAD kabla ya kuchora ramani ya nyumba ndogo

Ramani yangu ya kwanza ya kuombea kibali ilirudishwa kwa sababu moja tu: mstari wa ukingo wa paa ulitoka mzito na mzima, mkaguzi akadhani ni ukuta wa nje. Tuchukue nyumba ya meta 9 kwa 7, ya tofali za inchi 6, itakayochapwa kwa skeli ya 1:100.

Fungua faili jipya kwa `acadiso.dwt`, uchore kwa milimeta halisi: urefu wa nyumba ni 9000, ukuta ni 150. Usipunguze chochote wakati wa kuchora, skeli ni kazi ya kuchapa.

Andika `LA`, kisha utengeneze leya nne. UKUTA, unene wa mstari 0.50. MILANGO, 0.25. VIPIMO, 0.18. Ya nne ni PAA, 0.25, na hii ndiyo yenye mistari ya vipande: bofya Continuous kwenye safu ya Linetype, halafu Load, uchague DASHED. Rangi na unene wa kila kitu viache ByLayer. Ukianza kupaka rangi mstari mmojammoja, siku ya kurekebisha utajuta.

Sasa chora ukingo wa paa, 600 nje ya ukuta. Utaonekana mzima, ingawa leya inasema DASHED. Haujaharibika. Kipande kimoja cha DASHED ni milimeta 12.7, na kwenye mstari wa meta kumi hivi vipande hivyo ni vidogo mno kuonekana. Wengi huandika LTSCALE 100, ikakaa sawa kwenye Model, kisha kwenye Layout mstari ukawa mzima tena. Fanya hivi badala yake:

```
MSLTSCALE 1
PSLTSCALE 1
LTSCALE 0.5
```

Chini kulia mwa Model, badilisha 1:1 iwe 1:100, kisha andika `REGENALL`. Kwenye karatasi kila kipande kitakuwa na milimeta 6 na ushei, iwe unachapa kutoka Model au Layout.

Vipimo navyo vifuate skeli hiyohiyo. Andika `D`, bofya New, anzia ISO-25, uipe jina RAMANI na utie alama kwenye Annotative. Text height iwe 2.5, mishale ibadilishwe kuwa Architectural tick, Precision iwe 0. Namba zikigoma kubadilika ukubwa, fungua `STYLE`: mtindo wa maandishi ukiwa na Height isiyo 0, ndio unaotawala, na 2.5 yako haisikilizwi.

Pima ukuta mrefu. Isomeke 9000. Ukienda Layout vipimo vikatoweka, bofya fremu ya mchoro uangalie Annotation scale yake: lazima nayo iwe 1:100.