Somo: Kumfundisha mzee kuchapa barua yake ya kwanza kwenye printa

Habari zenu wana jukwaa. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tanga. Enzi zake kazini barua zote alizichapa kwa taipureta, na mikono yake haijaisahau mpaka leo. Wanawe wamemnunulia printa ndogo ya wino wa tangi, naye alikuwa ameshaandika kwenye Word barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuhusu mtaro uliozibwa mbele ya nyumba yake. Nilikaa naye asubuhi nzima. Naandika hatua kama tulivyozipitia, kwa kompyuta ya Windows. Nachukulia kwamba fundi ameshafunga printa, wino umo, na waya wa USB umechomekwa.

Hatua ya 1: Washa printa kwanza. Taa ya kuwashia itamemeta huku mashine ikiunguruma. Subiri mpaka taa itulie ndipo uguse karatasi.

Hatua ya 2: Karatasi. Hapa ndipo tulipochukua muda mrefu. Mjomba alichomoa karatasi moja, akaisukuma kwa nguvu ndani ya printa kama anayeiingiza kwenye rola ya taipureta. Ikaenda upande, ikakwama, ikatoka na mikunjo. Nikamwambia, "Mjomba, taipureta ulikuwa unailisha wewe. Hii inajichukulia yenyewe, wewe iandalie tu."

Kuiandalia ni hivi. Tumia karatasi za kawaida za A4 za gramu 80. Toa kama 20 kwenye rimu, usijaze trei kwa siku ya kwanza. Zishike kingo, zikunje kidogo, uziachie zipepee kama mtu anayehesabu noti, ili zilizogandana ziachane. Kisha zigonge mezani mpaka kingo zilingane. Zisimamishe kwenye trei ya nyuma na uziache zishuke zenyewe mpaka ziguse chini.

Baada ya hapo sogeza kile kibanio cha pembeni mpaka kiguse karatasi, halafu koma. Ukiona karatasi zimetoa tumbo katikati, umebana mno, rudisha kidogo. Ikibaki nafasi ya kupitisha kidole, umelegeza mno, na maandishi yatatoka yameinama upande mmoja.

Kama printa yako ina trei ya chini mbele, karatasi zinalazwa. Kwa karatasi nyeupe tupu upande si neno, ila kwa karatasi yenye nembo inabidi ujue upande unaochapwa. Tia alama ndogo ya penseli kwenye karatasi moja, chapa, uone maandishi yameangukia upande wenye alama au wa pili.

Hatua ya 3: Ita ukurasa wa kuchapa. Fungua barua. Kidole kimoja kishikilie `Ctrl` bila kuachia, kingine kiguse `P` mara moja, kisha achia vyote. Mjomba alikuwa anabonyeza kimoja, anaachia, ndipo anabonyeza kingine, na herufi p ikawa inaongezeka kwenye barua. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, hakikisha hakuna p ya ziada.

Hatua ya 4: Soma vitu vitatu kabla ya kubonyeza chochote. Barua yako utaiona upande mmoja kama itakavyotoka. Upande wa pili angalia haya.

Kwanza, chini ya neno `Printer` lazima kuwe na jina la printa yako, lile lililoandikwa kwenye mashine yenyewe. Kompyuta nyingi huonyesha `Microsoft Print to PDF`. Hiyo si mashine. Ukiichagua, kompyuta itakuuliza uhifadhi faili kwa jina gani, na karatasi haitatoka kamwe. Bonyeza jina hilo, orodha itashuka, chagua printa yako.

Pili, `Copies` iwe 1.

Tatu, saizi ya karatasi iwe `A4`. Mjomba alikuta pameandikwa `Letter`, akafurahi, akasema, "Si ndiyo barua yenyewe hii?" Ana haki ya kudhani hivyo, na ndiyo maana nawaomba mlieleze mapema kwa wazee wenu. `Letter` ni jina la saizi ya karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, yaani nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Ukiacha `Letter`, printa nyingine zitagoma na kuwasha taa ya karatasi, nyingine zitachapa huku nafasi za pembeni na chini zimekaa vibaya.

Hatua ya 5: Bonyeza `Print` mara moja, kisha toa mkono. Kwenye taipureta ukigonga, herufi inatokea papo hapo. Printa inapokea barua nzima kwanza, inajiandaa, ndipo inavuta karatasi, na mara ya kwanza inaweza kuchukua hata nusu dakika. Mjomba alipoona kimya, alirudia mara mbili zaidi. Kila bonyezo linaingia kwenye foleni kama kazi mpya, kwa hiyo zilitoka barua tatu. Ya kwanza ilipotoka aliishika kwa kingo, akaipuliza, akaisoma yote kwa sauti. Wino wake unahitaji dakika moja hivi kukauka, usipitishe kidole.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mama yangu alibonyeza Print printa ikiwa imezimwa. Leo tumeiwasha, zikaanza kutoka kurasa za juzi. Tufanyeje?

Jibu: Hiyo ni foleni, kazi zilikuwa zinasubiri. Fungua `Settings`, nenda `Printers & scanners`, chagua printa yenu, kisha `Open print queue`. Kwenye kila kazi isiyotakiwa bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Cancel`. Orodha ikiwa tupu ndipo mchape upya.

Swali: Shikamoo dada. Sisi tuko Pemba, karatasi zinatoka mbili mbili hata nikizipepeta.

Jibu: Marahaba. Hewa ya pwani ina unyevu, karatasi inaunyonya na kugandana. Usiziache kwenye trei usiku kucha. Rimu iliyofunguliwa irudishe kwenye gamba lake, uitie ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga. Zilizokwisha kulainika zibaki za kuandikia kwa mkono, chukua nyingine kutoka katikati ya rimu.

Swali: Ikikwama katikati, nivute kwa juu au kwa mbele?

Jibu: Zima printa kwanza. Vuta kwa mikono miwili, polepole, kuelekea upande ambao karatasi kubwa zaidi inaonekana. Ukiivuta kwa mkono mmoja huchanika, na kipande kinachobaki ndani kitakwamisha kila karatasi inayofuata. Ikichanika, unganisha vipande mezani uone kama karatasi imekamilika. Kona ikikosekana, bado imo ndani.

Swali: Barua ya baba ni ukurasa mmoja lakini kila mara inatoka na karatasi tupu ya pili.

Jibu: Aligonga `Enter` mara nyingi mwishoni, Word ikafungua ukurasa wa pili. Bonyeza `Ctrl` na `End` pamoja, kishale kitaenda mwisho kabisa. Halafu gonga `Backspace` mpaka kirudi chini ya sahihi yake.